Kimya cha Chumba cha Boila

Nitasema tangu mwanzo ili tusije tukalaumiana: yule mtu sikumpenda, na hata leo ukiniuliza sina jibu la haraka. Ofisini tulimwita Shimo. Hakuna aliyemwonea kumpa jina hilo, alijitafutia mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kukata picha. Nikimaliza kukata nampelekea yeye aweke sauti sawa, na kabla sijarudi kukalia kiti changu nasikia sauti yake kupitia ukutani: shimo hapa, shimo pale, hili nalo shimo, huyu mwanamke anakata kwa mkasi au kwa shoka?

Na mwanamke mwenyewe ni mimi.

Nieleze hayo mashimo ni nini, maana watu wakisikia tunatengeneza filamu wanadhani kazi yote ni kamera. Mtu akihojiwa hasemi maneno yaliyonyooka. Anakohoa, anarudia, anapoteza alichokuwa anasema, anakitafuta, anakuta kingine. Sisi tunayatoa hayo. Sasa pale ulipotoa sauti hapabaki kimya, panabaki hapana kitu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kila chumba kina kimya chake. Kuna friji inaunguruma jikoni, kuna feni, kuna barabara ya mbali, kuna hewa tu inayozunguka kwenye kuta zile. Msikilizaji hajui kama anavisikia mpaka viondoke. Viondoke kitambo kidogo tu katikati ya maneno, anashtuka, anaitazama spika anafikiri imekufa.

Ndiyo maana tukimaliza kumhoji mtu, kabla ya kufungasha vyombo, kila aliyemo chumbani anasimama alipo, hagusi kitu, hasemi neno, na kinasa sauti kinabaki palepale kilipokuwa. Tunarekodi chumba kitupu kikijisemea chenyewe. Hicho ndicho kimya cha chumba. Fundi wa sauti anakikata vipande, anaviziba pale palipokatwa maneno, anazififisha kingo ziingiane, na wewe uliyeketi ukitazama hujui kama kuna kitu kimetolewa. Shimo alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Roho yake ilikuwa mbaya kwa kiasi hichohicho.

Alikuwa mrefu, mkavu, na uso wa mtu aliyelamba ndimu asubuhi akaamua kukaa nao hivyo mpaka jioni. Chumba chake kilikuwa kama kabati, kuta zimefunikwa magodoro, na mlangoni amebandika karatasi: USITAFUNE. Ukiingia na biskuti anakutoa. Ukivaa bangili anakutoa. Aliishi na dada yake mkubwa, mwanamke mwenye masikio mazito, na huko nyumbani redio ilipiga mpaka vikombe vikacheza mezani. Nafikiri ndiyo sababu akija kazini alikuwa ameshachoka na binadamu wote. Mke aliwahi kuwa naye. Aliondoka, tuliambiwa, kwa sababu usiku mume alikuwa anachomoa friji ili apate usingizi na mboga zote zinachacha. Mimi sikumlaumu mke.

Mwenye ofisi alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mtu wa tabasamu, mtu wa "usijali", mtu ambaye mshipa wa aibu ulikatika siku nyingi na hakuutafuta. Ndiye aliyetuletea kazi ya kiwanda cha sabuni.

Pale kiwandani alikufa mtu. Fundi wa boila, baba wa watoto wawili, aliunguzwa na mvuke uliompiga usoni alipokuwa akihangaika na koki. Meneja akasema marehemu alisahau kufunga koki, uzembe wake mwenyewe, Mungu amrehemu. Mke wa marehemu akasema hapana. Mkaguzi wa usalama kazini alikuwa bado hajaandika neno lake la mwisho, na meneja, ili kumsaidia aandike vizuri, akaagiza filamu fupi kuhusu usalama. Ionyeshwe kwa wafanyakazi ukumbini, mkaguzi akiwa mgeni wa heshima. Ndani yake azungumze meneja, na azungumze mjane, ili watu waone hakuna kinyongo. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini kilikuwa jina la marehemu. Filamu ikipita, amekufa mzembe, na wanawe watakua wakiwa watoto wa mzembe.

Tulianza kwa mjane. Alitupokea sebuleni kwake, akatuketisha, akaomba radhi kwa ajili ya kuku wa jirani wanaopiga kelele nyuma ya dirisha. Mimi nilishika taa, Shimo alishika kinasa sauti, shemeji aliuliza maswali kwa ile sauti yake ya msibani. Yule mama alizungumza taratibu, mikono mapajani, hakulia. Alisema mumewe alikuwa mtu mzuri. Alisema koki ile ilimsumbua muda mrefu, akija nyumbani alikuwa bado anayo masikioni, na wakati wa kula aliwaigizia watoto jinsi inavyolia hata ukiifunga mpaka mwisho. Naye akatuigizia, meno yamebanwa, halafu ulimi ukigonga: sssss, tk-tk. Sssss, tk-tk. Watoto walikuwa wanacheka, alisema, wakawa wanamwita baba jina la sauti hiyo.

Halafu akasema maneno haya, na mimi nayakumbuka kwa sababu nimeyasikiliza mara nyingi kuliko nilivyotaka:

"Meneja anasema mume wangu alisahau kufunga koki. Hakusahau. Aliifunga, ikawa haifungiki. Nani alisahau? Mimi nimemwachia Mungu."

Tulipomaliza, Shimo aliinua mkono tukanyamaza sote arekodi kimya. Alikuwa amemwomba mama azime friji tangu mwanzo, mama akakataa, ndani kuna maziwa ya watoto. Basi Shimo, kwa kununa, akarekodi mara mbili: friji ikiunguruma, halafu akasubiri ijinyamazie yenyewe akarekodi tena, maana hujui utakuja kuziba wapi. Mtoto mdogo akapiga chafya. Shimo akamgeukia akamtolea macho kiasi kwamba mtoto alijificha nyuma ya mama yake. Ndiyo adabu aliyoiacha kwenye nyumba ya msiba, na njiani nilimpasha. Akanijibu kwamba chafya haizibi shimo.

Kiwandani tulikwenda saa ya chakula, mashine zimezimwa. Boila haikuzimwa kabisa, iliachwa na moto mdogo. Meneja akataka asimame palepale penye koki, aonekane mtu asiyeogopa. Alikuwa na tumbo la mbele, shati jeupe, simu mbili. Akaongea, akajikwaa, akarudia, akajikwaa tena, akalaani, akaanza upya. Katikati ya hayo yote alisema kwamba koki ni ileile, haikubadilishwa kwa sababu haina kasoro, na sasa hivi imefungwa kama inavyotakiwa. Alipokuwa anasema hukusikia vizuri kitu kingine, sauti yake nene ilifunika karibu kila kitu. Alipokuwa ananyamaza kutafuta neno, ulisikia mvuke unavuja mahali. Mimi niliona ni kelele ya boila, basi. Nani anajua boila ikoje?

Wakati wa kurekodi kimya ukafika. Shimo akaomba watu wasimame alipo kila mmoja. Meneja akachukua simu akampigia mtu kuhusu magurudumu ya gari. Shimo akamwambia anyamaze. Hakusema tafadhali, hakusema mheshimiwa. Meneja akamuuliza kama anajua anaongea na nani, naye akajibu anajua, na huyo anayejulikana bado anaongea. Shemeji akacheka peke yake, akamshika meneja bega. Shimo akarekodi upya, muda mrefu kuliko nilivyozoea kumwona akirekodi, jicho lake likiwa kwenye ile koki, mpaka meneja akaanza kukung'uta viatu vyake sakafuni.

Ofisini nilikata sehemu ya meneja vizuri, nikatoa vigugumizi vyake, nikatoa laana zake. Sehemu ya mjane niliikata kama alivyosema. Shemeji akaja, akatazama, akasema hapa tuna tatizo. Akaniambia nifanye hivi na hivi. Nikamwambia sifanyi. Akaniita shemeji yangu mpenzi, nikamwambia mapenzi ampelekee dada. Akanitoa kwenye kiti changu mwenyewe, akakaa, akafanya kwa mikono yake. Ilimchukua muda, si mzoefu, lakini alijua anachotaka. Kisa cha koki na watoto mezani akakitoa chote. Akachukua "mume wangu alikuwa mtu mzuri" kutoka mwanzo. Akachukua "alisahau kufunga koki," akaacha "meneja anasema mume wangu" pembeni. Akachukua "mimi nimemwachia Mungu." Akaviweka mfuatano. Juu ya viungio akaweka picha ya harusi ukutani na picha ya mikono ya mama, ili midomo isionekane ikiruka.

Ukisikiliza, ilikuwa mbovu. Friji inaunguruma nyuma ya neno, halafu inakufa ghafla, halafu neno jingine linatokea na friji nyingine. Hata mtoto angejua kuna mtu amepita na mkasi. Nikafurahi, nikasema moyoni, acha iende hivihivi, aibu yao. Kumbe nilimsahau Shimo.

Nilimfuata kwenye kabati lake. Nilimwomba, mimi niliyeapa kutomwomba yule mtu hata kalamu, nilimwomba aiache kama ilivyo. Nilimwambia mashimo yale ndiyo ushahidi pekee kwamba mama hakusema hivyo. Hata kunitazama hakunitazama.

"Mimi siachi shimo," akasema. "Funga mlango, unaingiza upepo."

Nikamwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Akavaa spika zake za masikioni.

Na akaziba. Loo, aliziba. Alichukua kile kimya cha sebule ya mama, cha friji ikiunguruma, akakitandika chini ya maneno yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Akachagua kuku alie wapi asilie wapi. Kati ya "mtu mzuri" na "alisahau" akaacha nafasi ya pumzi moja, ya mtu anayejikaza kusema jambo zito. Nilisikiliza nikiwa najua ukweli wote, na bado niliamini kwamba mama amesema. Nilitoka nikaenda kuosha uso.

Kwenye sehemu ya meneja ndipo walipogombana yeye na shemeji, na ugomvi huo niliusikia wote kupitia ukutani. Shemeji hakutaka ule mvuke usikike. Akasema weka muziki. Shimo akamjibu kwamba muziki juu ya shimo ni mkeka juu ya shimo, na mtu ataanguka tu. Shemeji akasema basi chukua kimya cha ofisini, ni kizuri, kimetulia. Shimo akaweka, akamwambia sikiliza. Kila meneja akisema neno mvuke unakuja nalo, akinyamaza unakatika, akisema unarudi, kama mtu anavuta pumzi ya mvuke. Ilikuwa mbaya zaidi. Shemeji akasema ufute kabisa chini ya maneno. Shimo akajaribu mbele yake, na kweli mvuke ukapungua, lakini na herufi za meneja zikaenda nao, akawa anazungumza kutoka ndani ya ndoo ya maji. Shemeji akatukana.

Ndipo Shimo alipomwambia, kwa upole ambao haukuwa wake, kwamba dawa ni moja. Weka kimya cha boila chenyewe, sawasawa, mwanzo mpaka mwisho, kisipande kisishuke. Sikio la mtu likikuta sauti isiyobadilika linaizoea na kuisahau. Hilo ni kweli, kila fundi analijua. Shemeji akasikiliza mara mbili, akasema sawa, na akaenda kula.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo meneja alijikanyaga vibaya sana, mpaka nikalazimika kutoa maneno mengi na kuweka picha ya koki peke yake, imejaa kioo kizima. Hapo hapakuwa na neno la mtu. Palihitaji kimya tu, kirefu. Shimo hakukirudiarudia kipande kifupi kama wanavyofanya wavivu, maana kikirudiwa sikio linashtukia. Alikuwa na kirefu alichokirekodi, akakitandaza kizima.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa kiwanda ulijaa. Mkaguzi aliketi mbele, mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Meneja kando yake. Mjane walimpa kiti cha heshima pembeni, amevaa nguo aliyovaa siku tulipomhoji. Kompyuta ilikuwa ya Shimo, kwa sababu shemeji alibadilisha maandishi ya kwenye picha mpaka dakika za mwisho na filamu haikuwa imefungwa kuwa faili moja. Ilichezwa kutoka palepale ilipotengenezwa, sauti zote bado kwenye mistari yake, maneno mstari wake, kimya mstari wake. Spika za ukumbi zilikuwa kubwa kama makabati. Mimi nilisimama nyuma karibu na Shimo, na nilikuwa nimeamua kwamba ikiisha tu naacha kazi.

Sehemu ya mjane ikaja. Mume wangu alikuwa mtu mzuri. Alisahau kufunga koki. Mimi nimemwachia Mungu. Ukumbi mzima ukashusha pumzi, na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema maskini. Mjane mwenyewe aliinua kichwa. Aliitazama sura yake pale ukutani kama anamtazama mtu mwingine aliyeingia amevaa nguo zake. Sijawahi kuona mtu akiibiwa mbele ya watu wengi namna ile, na watu wote wakimwonea huruma kwa kitu kingine.

Ikaja sehemu ya meneja. Akazungumza kwa ufasaha, vigugumizi nilimtolea mimi. Koki ni ileile, haina kasoro, sasa hivi imefungwa. Halafu akanyamaza, na picha ya koki ikajaa ukuta.

Sssss, tk-tk.

Ofisini, kwenye spika zetu ndogo, ilikuwa kelele ya nyuma. Pale ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi. Sssss, tk-tk. Nikaona mabega ya wafanyakazi wa boila, waliokaa pamoja, yakiinuka. Na mjane akasimama.

Hakupiga kelele. Alibana meno, akaitoa ile sauti kwa mdomo wake, akaisubiri ya ukutani, na zikaenda pamoja. Sssss. Na kabla ile ya ukutani haijagonga aligonga yeye kwa ulimi, tk-tk, nayo ikagonga. Akarudia. Mara ya tatu ukumbi wote ulikuwa umeshaelewa, isipokuwa shemeji, aliyekuwa bado anatabasamu.

"Hiyo ndiyo," mjane akasema. "Ndiyo hiyo aliyokuwa anatuletea mezani. Imefungwa, na inalia. Siku mlipoirekodi mume wangu alikuwa kaburini, nani sasa aliyesahau kuifunga?"

Mkaguzi akavaa miwani. Akaomba filamu isimamishwe. Akamuuliza meneja koki hiyo ilirekodiwa lini, na meneja akasema boila zote hulia, huyu mama ana uchungu, uchungu unamsemesha. Halafu akageuka, akamnyooshea mjane kidole.

"Na si amesema mwenyewe? Si tumemsikia sote sasa hivi? Amesema alisahau. Kinywa chake mwenyewe."

Mkaguzi akamtazama mjane. Na mjane, masikini, alisema hakusema hivyo, na nani angemwamini? Sauti ni yake, sura ni yake, friji ni yake, kuku ni wa jirani yake. Watu wakaanza kuguna. Nilisogea mbele nipige kelele, nieleze, na nikajua kabla ya kufungua mdomo kwamba kelele zangu hazitafika popote. Mimi ni shemeji wa mwenye filamu niliyegombana naye, basi.

Hapo ndipo Shimo aliposema, kutoka nyuma, kwa ile sauti yake ya kuchukia, kwamba watu wanyamaze. Wakanyamaza. Hata mkaguzi alinyamaza. Shemeji alielewa wakati huo, akaja mbio kati ya viti, akajikwaa kwenye miguu ya mtu.

Shimo akarudisha filamu nyuma mpaka sehemu ya mjane. Akauzima mstari wa kimya. Kitufe kimoja tu. Akacheza.

"Mume wangu alikuwa mtu mzuri." Friji ikakatwa kichwa. Hapana kitu. Spika zile kubwa zikafa, na watu wengine wakazigeukia. "Alisahau kufunga koki." Friji ikatokea kutoka hewani na neno la kwanza, ikafa na neno la mwisho. Hapana kitu. Kipande cha kuku, nusu ya kuwika. "Mimi nimemwachia Mungu."

Hakueleza. Akacheza tena, na mara hii hata mtoto angesikia zile kingo. Halafu akafungua rekodi nzima ya siku ile, isiyoguswa, akaicheza. Meneja anasema mume wangu alisahau kufunga koki. Hakusahau. Aliifunga, ikawa haifungiki. Na friji chini yake inaunguruma bila kukatika hata mara moja.

Sitasimulia yaliyofuata yote. Mkaguzi aliichukua kompyuta, na alikwenda kwenye boila siku hiyohiyo na mafundi, meneja akitembea nyuma yao na simu zake mbili zikiita. Shemeji alitufukuza kazi mimi na Shimo palepale mlangoni, mbele ya watu, na dada yangu hakunisemesha muda mrefu. Sikujali.

Nje nilimuuliza Shimo kama alijua tangu siku ile ya boila. Akaniuliza kama nafikiri masikio yake ni ya mapambo. Nikamuuliza, basi kwa nini aliziba yale ya mjane, kwa nini asiyaache nilipomwomba. Akasema, kwa dharau yake yote, kwamba angeyaacha, shemeji yangu angeyasikia, angempelekea fundi mwingine ayazibe, na kitufe kingekuwa mkononi mwa fundi mwingine. Nikamwambia angeweza kuniambia. Akasema mimi sina mdomo, nina spika. Nilitaka kumpiga kwa mkoba.

Mjane akatukuta tumesimama hivyo. Nilidhani anakuja kushukuru, nikajiandaa. Hakunitazama. Alisimama mbele ya Shimo.

"Ni wewe uliyeifanya ionekane nimesema."

"Ni mimi."

"Wanangu wangeisikia."

Shimo alitazama chini, kwenye viatu vya yule mama, vilivyojaa vumbi la uwanja wa kiwanda.

"Ile picha mkiitoa tena popote," mama akasema, "pale mlipokata maneno yangu, shimo lisikike, usilizibe."

"Sitaliziba," akasema Shimo.

Akamtazama kuhakikisha, halafu akaondoka kwenda kuwachukua watoto.